Ngano, Kitendawili na Methali: Jibu la Swali Lililoulizwa Columbia Heights

Jumapili moja, katika nyumba ya jamaa zangu iliyoko Columbia Heights, Washington, mjukuu wao aliniletea karatasi ya somo lake la Kiswahili. Swali lilikuwa la mtihani wa kawaida, wa aina ambayo wanafunzi wa Dar es Salaam, Unguja na Mombasa wanaijua vizuri: linganisha ngano, vitendawili na methali katika fasihi simulizi, ukitoa mfano mmoja wa kila kimoja. Alikwisha kujibu. Aliandika kwamba ngano ni ndefu, kitendawili ni kifupi, methali ni fupi zaidi na ina hekima, na kwamba zote tatu huelimisha na kuburudisha.

Nikamwambia, "Mwanangu, hukukosea. Lakini jibu hili nikilichukua nikalitia katika khutba ya Ijumaa au katika taarabu, litakaa vilevile." Kwani khutba haielimishi? Na taarabu haiburudishi? Jibu linalofaa kila kitu halijajibu kitu. Akaniuliza, kwa adabu lakini kwa macho makali, "Basi Babu, lipi jibu?" Siku ile nilimjibu kwa mkato, maana chakula kilikuwa mezani. Haya ndiyo niliyokusudia kumwambia, na nimeona niyaandike hapa kwa sababu si yake peke yake. Kila nyumba yetu iliyohama ina mtu mzima anayejua vitu hivi vitatu na mtoto asiyevijua, na vitatu hivi havipotei kwa mwendo mmoja.

Nianze na majina, kwa kuwa msomaji wa jarida hili atayapenda. Fasihi imetokana na fasaha ya Kiarabu, yaani kusema kwa ufasaha. Waarabu wenyewe hawaiiti fasihi, huiita adab. Sisi neno hilo tulilichukua tukalitia kwenye tabia, likawa adabu, kisha tukachukua jingine kwa maandishi na masimulizi. Methali ni neno la Kiarabu pia, na hadithi hali kadhalika, lakini wazee wengi walisita kuita kisa cha sungura hadithi, kwa kuwa neno hilo walilihifadhi kwa maneno ya Mtume. Kisa cha kutunga wakakiita ngano. Kitendawili hakina asili ya Kiarabu kabisa. Na kitenzi chake ni kutega, kile kile cha mtego wa ndege.

Wataalamu wameyapanga mambo haya kwa tanzu na vipera. Mulokozi, katika makala yake ya 1989 kwenye jarida la Mulika, aliigawa fasihi simulizi katika tanzu sita, na humo methali na kitendawili vimo katika utanzu mmoja wa semi, ilhali ngano imo katika masimulizi. Kwa hiyo swali la kijana wetu linalinganisha ndugu wawili na binamu yao. Si vibaya, ila mwanafunzi akilisema hilo mwanzoni mwa jibu atakuwa ameonyesha kwamba anajua anachokipima.

Urefu na ufupi si kipimo kizuri. Mimi hupima kwa msikilizaji: anatakiwa afanye nini? Katika ngano anatakiwa angoje. Katika kitendawili anatakiwa ajibu, tena hapo hapo, mbele ya watu. Katika methali anatakiwa ajitazame, na jibu lake huenda asilitoe kamwe.

Mfano wangu wa ngano ni kisa cha Abunuwasi na sufuria, na nakisimulia kwa maneno yangu kama nilivyozoea kukisimulia.

Paukwa! Pakawa. Palikuwa na mtu akiitwa Abunuwasi, akaenda kwa jirani yake kuazima sufuria. Akapewa. Baada ya siku tatu akairudisha, na ndani yake mna kisufuria kidogo. Jirani akauliza, "Hiki nini tena?" Abunuwasi akasema, "Sufuria yako ilikuwa na mimba. Imezaa kwangu, nami si mtu wa kudhulumu, nimekuletea na mwanawe." Jirani akacheka moyoni, akasema huyu mjinga, akavichukua vyote viwili. Siku zikapita, Abunuwasi akaja tena kuazima. Safari hii jirani akampa sufuria kubwa kuliko zote, ya kupikia karamu. Siku tatu, kimya. Wiki, kimya. Jirani akaenda kugonga mlango. Abunuwasi akatoka anafuta machozi: "Ndugu yangu, sufuria yako imekufa." "Sufuria inakufaje?" Wakafika kwa kadhi. Kadhi akamsikiliza mmoja, akamsikiliza wa pili, kisha akamwuliza jirani, "Ulipoambiwa imezaa, ulikataa?" Akasema sikukataa. "Basi kinachozaa hufa. Nendeni zenu."

Tazama msikilizaji yuko wapi. Mara ya kwanza sufuria inapozaa, hajui kisa kinaelekea wapi, anacheka tu. Abunuwasi anapoazima mara ya pili, mtoto mwenye akili tayari ameuona mtego, ila jirani hajauona. Tangu hapo raha yote ni kumtazama mtu akiingia shimoni kwa tamaa yake. Msimulizi hodari hukaa hapo, hurefusha zile siku za kimya, huigiza ule mlango unavyogongwa. Asiyejua kusimulia hukimbilia kwa kadhi. Ngano imeundwa kwa kurudiwa kwa tendo lile lile na tofauti moja ndogo, na msikilizaji akinyimwa muda wa kungoja, ngano imekwisha hata kama maneno yote yametajwa.

Kwa mwanahistoria kisa hiki kina jambo jingine. Abu Nuwas alikuwa mtu kweli, mshairi wa Baghdad aliyeishi zama za Harun al-Rashid, aliyetawala kuanzia 786 hadi 809, na sifa yake kubwa ilikuwa mashairi ya mvinyo. Lakini kisa cha sufuria katika nchi za Kiarabu aghalabu husimuliwa juu ya Juha, na Waturuki humsimulia Nasreddin Hoja. Kwa nini kwetu kikampata mshairi? Dhana yangu ni hii. Katika Kiswahili juha si jina la mtu tena, ni neno la kumwita mtu mpumbavu. Mpumbavu hawezi kumshinda jirani mbele ya kadhi, basi kazi ikabidi apewe mwenye jina lingine, na Abu Nuwas alikwisha kujulikana kwa vituko vyake katika Alfu Lela u Lela. Ngano hubadili mwenye jina bila ya kujeruhika. Hilo ni alama yake kubwa, na tutalirudia.

Sasa kitendawili. Hapa nitakaa zaidi, maana ndicho kinachokufa mwanzo katika nyumba zetu za ugenini, na sababu yake haijulikani na wengi.

Utaratibu wake wa pwani ni huu. Mmoja anaita, "Kitendawili!" Wengine wanaitika, "Tega!" Anatega: "Kuku wangu katagia miibani." Wanajaribu. Mmoja anasema nungunungu, anaambiwa siye. Mwingine anasema ndege wa mchongoma, siye. Wakishindwa, mtegaji anasema, "Nipeni mji." Wanampa mji, tuseme Mombasa. Ana haki ya kuukataa akiona ni mdogo, na wao wana wajibu wa kuongeza. Akiridhika husema amekwenda Mombasa, amekula na kunywa huko, amerudi, na jibu ni nanasi.

Nanasi huota katikati ya majani marefu yanayotoka chini kwa duara, na pembezoni mwa kila jani mna vimiiba vinavyoelekea juu. Tunda hukaa katikati peke yake, limekingwa pande zote. Aliyewahi kuingiza mkono kulichuma anajua kwa nini ni yai la kuku aliyetagia mahali pabaya. Kitendawili hiki hakina fumbo kwa mtoto wa shamba. Kina furaha ya kuona kitu cha kila siku kimevishwa nguo ya kitu kingine cha kila siku.

Mtoto wa Columbia Heights nanasi analijua. Analila pengine kuliko nilivyolila mimi nikiwa mdogo. Ila analijua limekatwa vipande katika kopo la plastiki, na hata akiliona zima dukani, mengi ya mananasi yauzwayo hapa ni ya aina ambayo majani yake ni laini pembezoni. Kuku naye anamjua mezani, hajapata kuona kuku akitafuta mahali pa kutaga. Nilipomtegea mjukuu wetu, alinyamaza, nikampa jibu, akasema, "Sawa." Hilo "sawa" ndiyo dalili ya kutazamwa. Kitendawili kilichofika hutoa "aa!" au "si haki!" Kinachopokewa kwa "sawa" kimekuwa habari tu. Alielewa kila neno, na hakikumfikia. Kwa hiyo si lugha iliyopotea hapo, ni shamba.

Na hapa pana hazina ya mwanahistoria. Nanasi si mti wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu wa Ulaya walilikuta upande ule katika safari za Columbus, 1493. Wareno walifika pwani yetu 1498, na jina letu nanasi lina udugu na ananas ya Waarabu na ya Wareno, neno lililotoka kwa wenyeji wa Brazil. Basi kitendawili hiki chenye jibu hili hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Watu husema vitendawili ni vya tangu na tangu. Hiki si cha tangu na tangu. Lakini nitie tahadhari: tulichopata tarehe yake ni jibu, si swali. Huenda kuku alikwisha kutagia miibani zamani kwa jibu jingine, na nanasi lilipofika likapokea nafasi. Hilo hutokea sana, kwani kitendawili hushika swali lake kwa nguvu na jibu lake kwa ulegevu. Anayekusanya asiandike jibu moja akafunga daftari. Aandike na majibu yaliyokataliwa, maana lililokataliwa Unguja huenda ndilo linalokubaliwa Lamu.

Miji pia iandikwe. Katika familia zetu nimesikia mtegaji akipewa Makka, Maskati, Mombasa, Dubai, London. Orodha ya miji ambayo watu wa nyumba moja wanaona inatosha kununulia jibu ni ramani ya safari zao, wala hakuna mtu aliyeichora kwa makusudi.

Methali nitaichukua moja: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Waarabu wanayo inayokaribiana nayo sana, kwamba asiyetiwa adabu na wazazi wake wawili hutiwa adabu na usiku na mchana. Kitenzi chao ni kile kile kilichotupa neno adabu. Sisemi kwamba yetu imetafsiriwa, kwa sababu fikra kama hii watu wawili wanaweza kuifikia kila mmoja kwa njia yake. Ninaloliona ni tofauti. Kwa Waarabu ni wazazi wawili, kwetu ni mama peke yake. Kwao mwalimu wa pili ni wakati, kwetu ni ulimwengu, yaani watu. Mtoto wa kwetu haadhibiwi na miaka, anaadhibiwa na majirani.

Methali haina "paukwa" wala "tega". Hakuna baraza linalokusanyika jioni kwa ajili ya methali. Huingia katikati ya mazungumzo mengine kama mgeni asiyebisha hodi, na haisemwi ila pana jambo limetokea. Tena aghalabu haimalizwi. Bi Mkubwa huona kijana amepita hakusalimia, akasema tu, "Asiyefunzwa na mamaye..." akaendelea kuchambua mchele. Nusu ya pili inabaki kwa kijana, na nusu hiyo ndiyo inayouma. Zaidi ya hayo, maneno yamemlenga kijana lakini jeraha limempata mama yake, aliyekaa pale pale sebuleni. Ndiyo maana methali hii husemwa kwa tahadhari, na mkwe akiisema mbele ya mkaza mwana ugomvi wa wiki mbili umeshaanza. Kitabu cha methali hakitakwambia hilo. Taylor alipochapisha mkusanyo wake wa methali za Mombasa, 1891, alijitahidi kutia maelezo, na bado methali katika kitabu ni kama kisu kilichotundikwa ukutani. Unakiona, hujui kilimkata nani.

Kijana aliniuliza kama kuna njia ya kuvitenganisha vitatu hivi mezani, kwa dakika moja, bila ya kwenda barazani. Ipo. Badili neno, utazame kinachotokea.

Katika kisa cha sufuria, badala ya sufuria tia birika. Kinasimama. Badala ya Abunuwasi tia Juha au Nasreddin, kama walivyofanya wengine, kinasimama. Kisimulie kwa Kiingereza, watoto wa Washington watacheka mahali pale pale. Lakini ondoa kukubali kwa jirani mara ya kwanza, na hukumu ya kadhi haina pa kusimama. Ngano basi imefungwa katika mpango wa matendo, maneno yako huru.

Katika kitendawili, mfanye kuku bata, pengine kitasalimika. Waondoe miiba useme mchangani, nanasi limekwisha. Huko kifungo kiko katika picha, kati ya kitu kinachotajwa na kinachofichwa.

Katika methali, sema "asiyefunzwa na babaye". Maana ni safi kabisa, pengine hata ya haki zaidi kwa akina mama. Lakini kila mtu mzima chumbani atakusahihisha kabla hujamaliza. Methali imefungwa katika maneno yenyewe, na matumizi yake ndiyo huru: ile ile inaweza kuwa onyo leo, kejeli kesho, na kesho kutwa mtu akajisemea mwenyewe kwa majuto.

Ukuta kati yao si wa chuma. Katika nyumba ile ya Columbia Heights, mtu akiazima kitu akakirudisha na zawadi, mama wa nyumba humtazama kwa shaka na kusema, "Aa, sufuria imezaa." Ngano nzima imekunjwa ikawa maneno mawili, na anayeyasikia lazima awe alikwisha kungoja kisa kizima siku moja, la sivyo hayamwambii kitu. Semi nyingi za kwetu zimezaliwa hivyo, na baadhi zimebaki yatima, kisa chake kimesahauliwa.

Haya yana athari kwa wale wanaowarekodi wazee wao kwa simu, na wengi wanafanya hivyo siku hizi, Mungu awalipe. Makosa ni yale yale kila mara. Bibi anakalishwa kwenye kiti, watoto wanaambiwa wanyamaze, simu inawashwa. Kwa ngano hiyo ni nusu ya hasara, kwa kuwa msimulizi asiyeitikiwa hufupisha, na utasikia kisa cha robo saa kikiisha kwa dakika nne. Kwa kitendawili ni hasara yote, maana anayetega lazima awe na wa kutegewa, na bibi aliye peke yake hutoa swali na jibu kwa pumzi moja kama orodha ya sokoni. Kwa methali, ukimwambia mtu "tupe methali", atakupa kumi unazozijua. Afadhali umwache akizungumza na dada yake aliyeko Unguja au Maskati, kwa ruhusa ya wote wawili, kisha mkae naye umwulize: uliposema vile, ulimkusudia nani, na kwa nini hukumaliza? Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka kanda zangu mahali pa kuhifadhiwa, zikarudi zimesafishwa. Sauti za watoto zote zilikatwa kama kelele. "Tega" hazimo. Nilibaki na bibi mmoja akisema na ukuta.

Mjukuu aliandika upya jibu lake, sijui alipata alama ngapi. Ila wiki mbili baadaye, tulipokuwa tunatoka wote kituo cha treni cha Columbia Heights, aliniita katikati ya watu: "Kitendawili!" Nikaitika, "Tega." Akasema, "Nimesimama, napanda." Nilifikiri, nikasema mshumaa, nikasema moshi, nikasema bei ya nyumba. Hapana, hapana, na hiyo ya bei akacheka. Akaniomba mji. Nikampa Columbia Heights, akaukataa, mdogo. Nikampa Washington nzima, akanyamaza kidogo, akakataa tena. Nikampa Unguja, akaenda, akarudi, na jibu likawa ngazi za umeme zilizokuwa zinatupandisha pale pale tuliposimama.